Moyo Ukichoka, Maji Huenda Wapi?



Wanafunzi wa uuguzi hujifunza ugonjwa kwa kuchora ramani. Siyo ramani ya njia ya kwenda Gongo la Mboto. Katikati ya karatasi huandika jina la ugonjwa ndani ya duara. Halafu huchora mistari. Mstari mmoja hutoka kwenye chanzo, mwingine huenda kwenye dalili, mwingine kwenye kipimo, na wa mwisho kwenye kazi ya muuguzi. Leo nasi tuchore. Katikati tuandike: MOYO KUSHINDWA KAZI.

Jina hili halina maana kwamba moyo umesimama. Moyo unapiga, ila hauna nguvu ya kutosha kusukuma damu.

Tuseme mgonjwa wetu ni mama wa Kipawa, mwenye miaka 56. Ana presha siku nyingi, na dawa humeza pale tu kichwa kinapomuuma. Basi chanzo tumekipata. Katika utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliotangazwa mwaka 2014, walichunguzwa watu 427 wenye ugonjwa huu. Karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Moyo unaosukuma damu kwa shida miaka mingi huwa mnene, kisha huchoka.

Sasa fikirini mtaro wakati wa masika. Maji yasipopita mbele, hurudi nyuma na kujaa uani. Damu nayo ni hivyo hivyo. Isiposukumwa vizuri, hurundikana nyuma ya moyo, na maji yake huvuja nje ya mishipa. Huvuja kwenye mapafu, tena huvuja kwenye miguu.

Mstari wa kwanza: mapafu. Muuguzi anauliza, "Mama, usiku umelalaje?"

"Nimeketi, mwanangu. Nikilala chali nabanwa pumzi."

Jibu hilo ni dalili kubwa. Mtu akilala, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kwenye damu na kufika mapafuni. Muuguzi anahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, na anasikiliza mapafu mgongoni. Kisha anamkalisha wima, miguu ining'inie, ili maji yabaki chini. Akiona hewa haitoshi, anampa oksijeni.

Mstari wa pili: miguu. Muuguzi anabonyeza mguu kwa kidole gumba, juu ya mfupa wa mbele. Akiondoa kidole, shimo linabaki. Hayo ni maji. Lakini ngoja kwanza! Ugonjwa wa figo na wa ini pia huvimbisha miguu. Ndiyo maana daktari hutaka picha ya moyo ya mawimbi ya sauti kabla ya kukata shauri.

Mstari wa tatu: figo. Figo zikipata damu kidogo, hudhani mwili umekauka. Basi huzuia chumvi na maji yasitoke. Maji yanazidi, na moyo unazidi kulemewa. Mstari huu unarudi katikati ya ramani. Kuukata, daktari huandika dawa ya kukojoza, na muuguzi huitoa asubuhi ili mgonjwa asiamke amke usiku. Chumvi nayo hupunguzwa.

Mama yetu alipona kiasi, akarudi nyumbani akiwa na kilo 62. Akaambiwa ajipime kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya kula, kwa mizani ileile. Daftari lake lilisoma hivi:

Jumatatu: kilo 62
Jumanne: kilo 62 na nusu
Jumatano: kilo 63 na nusu
Alhamisi: kilo 64 na nusu

Kilo 2 na nusu kwa siku tatu! Nyama ya mwili haiongezeki upesi hivyo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo mama amebeba karibu lita 2 na nusu zaidi, ingawa miguu bado haijavimba sana. Mtu akiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, asingoje kubanwa pumzi. Aende kituoni siku hiyo hiyo.

Muuguzi aliuliza, "Umetumia dawa gani nyingine, mama?" Kumbe goti lilimsumbua, akanunua diklofenaki dukani. Dawa hiyo huzifanya figo zizuie chumvi na maji. Ikasimamishwa, na daktari akarekebisha dawa ya kukojoza. Baada ya siku chache mizani ilirudi 62.

Hata hivyo mizani hudanganya. Mgonjwa asiyekula hupungua nyama huku maji yakiongezeka, na kilo zikabaki palepale. Kwa hiyo kando ya kilo, mama huyu sasa anaandika pia idadi ya mito aliyolalia. Ikitoka mmoja ikawa mitatu, maji yamefika mapafuni, hata kama kilo ni zilezile.