“Mimi ni wa Safaricom”

Simu inaita. Sauti tulivu inakutaja kwa jina: laini yako itafungwa jioni, kwa hiyo tuma shilingi 500 za kuisajili upya kwenye namba utakayopewa. Usishangae anakujua. Jina lako huonekana kwa yeyote anayekutumia pesa, hata ziwe kidogo namna gani.

Tazama namba iliyopiga. Safaricom imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kutoka 0722 000 000 tu. Anayetumia laini ya kawaida, hata akijiita meneja, si wao. Hata hivyo, namba inayoonekana kwenye kioo inaweza kughushiwa. Kwa hiyo kata simu, kisha upige 100 mwenyewe.

Akikwambia pesa zimeingia kwako kimakosa, usiamini ujumbe kabla ya kuangalia salio. Ujumbe halisi hutoka kwa MPESA. Wa tapeli mara nyingi huja na namba ya mtu. Salio halijaongezeka? Basi hakuna cha kurudisha. Namba ya siri haombwi na mhudumu yeyote wa kweli. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333, bila malipo.