Rangi ya Manjano Isiyoonekana Pichani

Jumapili jioni binti wa dada yangu, aliye kidato cha sita, alinitumia picha aliyoipiga kwa simu kutoka kwenye karatasi ya maswali. Ilikuwa picha ya mabika mawili juu ya meza nyeupe. Bika la kushoto lilibandikwa lebo ya nitrati ya risasi, moli 0.010 kwa lita. La kulia lilikuwa na iodidi ya potasiamu, moli 0.0020 kwa lita. Maji ya mabika yote mawili yalikuwa maangavu, na yote yalifika kwenye mstari wa mililita 100. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Nikimimina hili ndani ya lile, mashapo yatatokea? Mimi nimepata kwamba yatatokea, lakini majibu ya nyuma ya kitabu yanakataa."

Kabla ya kumjibu niliitazama ile picha kwa muda, nikajiuliza hasa inasema nini. Kwa macho haisemi karibu chochote. Maji yenye risasi na maji ya kisimani yanaweza kufanana kabisa pichani, na ukolezi hauna rangi katika miyeyusho hii miwili. Vitu viwili tu vya kazi vinapatikana hapo: namba zilizoandikwa kwenye lebo, na mahali maji yalipofika kwenye mistari ya bika.

Nitrati ya risasi ikiyeyuka huachana: ioni za risasi huelea peke yake na za nitrati peke yake. Iodidi ya potasiamu hufanya vivyo hivyo. Tukichanganya, aina nne za ioni zinakutana katika chombo kimoja. Nitrati na potasiamu hubaki majini bila shida, kwa hiyo tunaziacha pembeni. Wanaotuhusu ni risasi na iodidi, maana hao wakishikana hujenga fuwele za manjano ziitwazo iodidi ya risasi, na fuwele hizo zinayeyuka kwa shida. Hayo ndiyo mashapo tunayoyaulizia.

Kuyeyuka kwa shida si sawa na kutoyeyuka. Ukitia unga wa iodidi ya risasi kwenye maji safi, kiasi kidogo kitaachana na kuingia majini, kisha kuachana na kushikana kutalingana, na hali itatulia hapo. Mwaka 1889 mwanakemia Mjerumani Walther Nernst aliieleza hali hiyo kwa namba moja, ambayo leo inaitwa zao la umumunyifu na kufupishwa Ksp. Kwa iodidi ya risasi tunaiandika hivi:

Ksp = [Pb²⁺] × [I⁻]²

Mabano yanamaanisha ukolezi, yaani moli ngapi ziko katika lita moja. Iodidi inazidishwa mara mbili kwa sababu kila chembe ya risasi inahitaji chembe mbili za iodidi ili fuwele ijengeke. Jedwali moja linalotumika sana linaipa Ksp hii thamani ya 9.8 × 10⁻⁹ katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, yaani 0.0000000098. Namba hiyo ni kama ukingo wa kisima. Unachukua ukolezi wa ioni ulio nao kwenye mchanganyiko, unauzidisha kwa kanuni ileile, na jibu unaliita Q. Q ikiwa chini ya ukingo, maji yanazibeba ioni zote. Ikipita ukingo, zinazozidi hazina budi kutoka kama mashapo.

Nikamwomba anitumie hesabu yake. Alikuwa amechukua namba za lebo kama zilivyo: 0.010 mara 0.0020 mara 0.0020, akapata 4 × 10⁻⁸. Hiyo inaizidi Ksp mara nne, akaandika kwamba mashapo yatatokea. Kuzidisha kwake hakukuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwamba lebo inasema habari za bika kabla ya kumimina, na swali linahusu maji baada ya kumimina.

Mililita 100 zikiingia kwenye mililita 100 tunapata mililita 200. Risasi ni ileile, lakini sasa imetawanyika katika maji maradufu, kwa hiyo ukolezi wake umeshuka hadi 0.0050. Iodidi nayo imezimuliwa hadi 0.0010. Tukizidisha upya, 0.0050 mara 0.0010 mara 0.0010 ni 5 × 10⁻⁹. Hiyo ni karibu nusu tu ya Ksp. Mashapo hayatokei, bika litabaki angavu kama lilivyokuwa.

Angalia jinsi kuzimua kulivyokuwa na nguvu hapa. Kila ukolezi umegawanywa kwa mbili, lakini kwa kuwa iodidi inahesabiwa mara mbili, jibu zima limegawanywa kwa nane. Kwa chumvi ambayo ioni zake huungana moja kwa moja, kama kloridi ya fedha, kusahau hatua hii kungekuza jibu mara nne tu. Ndiyo maana ninapomsahihishia mwanafunzi hesabu ya iodidi ya risasi, ujazo wa mwisho ndio kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye karatasi yake.

Akauliza swali ambalo lilinifurahisha: "Na kama hiyo 100 yenyewe si 100? Picha imepigwa kwa pembeni." Ni kweli. Jicho la kamera likiwa juu ya usawa wa maji, linayaona yamefika mstari wa juu kuliko yalipo. Tena mistari ya bika si ya kupimia kwa umakini. Kwa kawaida inaruhusiwa kukosea kwa takriban asilimia 5. Basi tukajaribu. Tuchukulie kwamba bika la risasi lina 105 na la iodidi lina 95: Q inakuwa karibu 4.7 × 10⁻⁹. Tugeuze, risasi 95 na iodidi 105: inakuwa karibu 5.2 × 10⁻⁹. Uamuzi haubadiliki. Kwa miyeyusho hii miwili hautabadilika kamwe, hata uchanganye kwa uwiano gani. Uwiano unaosogeza Q juu kuliko wowote ni sehemu moja ya risasi kwa mbili za iodidi, na hata hapo inafika 5.9 × 10⁻⁹ tu.

Linalostahili wasiwasi zaidi ni jedwali. Vitabu havikubaliani kuhusu Ksp ya iodidi ya risasi: nimeona kuanzia karibu 7 × 10⁻⁹ hadi 14 × 10⁻⁹. Q yetu iko chini ya zote, kwa hiyo tuko salama. Lakini ingekuwa 10 × 10⁻⁹, kitabu kimoja kingesema mashapo yapo na kingine kingekana, na mwanafunzi mwaminifu angelazimika kuandika ni thamani ipi ameitumia. Kuna na jambo la ioni zilizojazana. Nitrati na wenzake, ingawa hawajengi fuwele, huzizunguka risasi na iodidi na kuzipunguzia nguvu ya kushikana. Katika mchanganyiko wetu nguvu halisi ya zao hilo hushuka hadi karibu nusu ya hesabu ya karatasini. Hilo linazidi kutuunga mkono hapa, ila linaonya kwamba Q inayoipita Ksp kwa kidogo tu isipewe uamuzi wa haraka.

Swali la pili kwenye karatasi yake lilikuwa na picha ileile, isipokuwa lebo ya kulia ilisomeka 0.020. Nukta imesogea hatua moja. Baada ya kuchanganya, iodidi ni 0.010 na risasi bado 0.0050, kwa hiyo Q ni 5 × 10⁻⁷. Iodidi imeongezeka mara kumi na zao limeongezeka mara mia, sasa linaizidi Ksp kama mara 50. Hapa hakuna kitabu cha kubishana nacho. Ukimimina, manjano ya kukolea kama ya binzari inajaa bikani papo hapo.

Wengi hudhani kwamba mashapo yakitokea risasi yote imetoka majini. Sivyo. Katika mfano huu risasi na iodidi zimelingana sawasawa na mahitaji ya fuwele, lakini mashapo yanaacha kujengeka pale zao linaposhuka hadi Ksp. Hesabu inaonyesha kwamba ukolezi wa risasi unaobaki ni karibu 0.0013, yaani zaidi ya robo ya ile ya mwanzo. Mashapo yenyewe ni kama theluthi moja ya gramu. Maji yaliyo juu yake yanaonekana safi kabisa na bado yana sumu ya risasi, ndiyo maana hayamwagwi kwenye sinki bali hukusanywa kwenye chupa ya taka za risasi.

Picha ya baada ya kuchanganya nayo ina hila zake. Mmumunyo wa iodidi ya potasiamu uliokaa muda mrefu hupata umanjano wenyewe, kwa sababu hewa hugeuza sehemu ya iodidi kuwa iodini. Ukiuona pichani unaweza kudhani ni mashapo. Namna ya kutofautisha ni kutazama kitu kilicho nyuma ya bika: maji ya iodini ni ya manjano lakini maandishi ya nyuma yanasomeka, mashapo yanayafunika. Utando mweupe nao si iodidi ya risasi. Mara nyingi ni dalili kwamba mtu ametumia maji ya bomba, na risasi imekutana na kabonati au salfeti iliyokuwamo. Na ukiona mvuke au kipimajoto kinachosoma juu sana, acha ile 9.8 kando: iodidi ya risasi huyeyuka katika maji yanayochemka takriban mara tano kuliko katika maji ya kawaida, kisha yakipoa hurudi kama vipande vinavyometa mithili ya dhahabu.

Mwishoni akaniuliza: kama bika la kwanza liko nusu tu ya ukingo, linahitaji iodidi kiasi gani zaidi ili lianze kugeuka? Nikamwachia aitafute mwenyewe. Baada ya dakika chache akaleta jibu: risasi ikiwa 0.0050, iodidi lazima ifike 0.0014, kwa hiyo zinapungua moli 0.0004 kwa lita, na katika mililita 200 hiyo ni miligramu 13 za iodidi ya potasiamu. Ni chembe chache tu za kushika kwa ncha ya kisu. Nikamwambia siku atakayoijaribu maabara atazame chembe zinapozama: kila moja itaburuta uzi wa manjano nyuma yake, kwa kuwa pale inapoyeyukia iodidi imejazana kupita ukingo, na akikoroga uzi utapotea. Uzi ukikataa kupotea, amefika.