Kabla ya kukodisha turubai na viti, jua bei yako na ya dhamana

Kahama, Katoro na Geita mjini, turubai na viti vya kukodi havikosi wateja: leo harusi, kesho kipaimara, keshokutwa msiba. Familia nyingi huingia kwenye biashara hii kwa kuuliza jirani anatoza shilingi ngapi kwa kiti, kisha hupunguza kidogo. Baada ya miaka miwili viti vimekatika miguu, turubai limechanika, na hakuna fedha ya kununua vingine.

Bei ianze na mali yenyewe. Tuchukue mfano wa familia yenye turubai moja la shilingi 1,200,000 na viti 100 vilivyonunuliwa kwa shilingi 15,000 kila kimoja. Jumla ni 2,700,000. Tuseme vitu hivi vitadumu miaka mitatu. Maana yake kila mwaka vinaliwa 900,000. Vikitoka mara 60 kwa mwaka, kila safari inakula shilingi 15,000 ya mali, hata kama hakuna kilichovunjika. Ongeza 20,000 ya vijana wawili wa kufunga na kufungua, na 5,000 ya sabuni na maji. Gharama imefika 40,000.

Familia hiyo ikitoza 300 kwa kiti na 40,000 kwa turubai, inapokea 70,000 na kubakiwa na 30,000. Nauli ya guta au toyo isiwe ndani ya bei hii. Itajwe peke yake, kwa sababu mteja wa mtaa wa pili na wa kijiji cha mbali hawawezi kulipa sawa.

Neno "siku" nalo lielezwe. Harusi ni Jumamosi, lakini turubai hutoka Ijumaa jioni na wengine hulirudisha Jumatatu. Wengi hukubaliana saa: kwa mfano, kuanzia saa 10 jioni ya Ijumaa hadi saa 4 asubuhi ya Jumapili ni kodi moja. Ikizidi hapo, ni siku nyingine.

Msiba ni tofauti. Watu hukaa matanga siku kadhaa, na siku ya pili hakuna kufunga wala kuosha. Nusu bei, yaani 35,000, bado inalipa vizuri. Ila nafuu hiyo ni ya Jumatatu hadi Alhamisi, vitu vinapokuwa vimelala stoo. Ikigusa Jumamosi yenye oda ya harusi, mwenye mali anapoteza mteja mzima, hivyo aseme mapema siku ya mwisho ya kurudisha.

Kuna fedha mbili ambazo watu huzichanganya. Kianzio ni sehemu ya bei. Kinashika tarehe, na mteja akighairi siku mbili kabla ya shughuli hakirudi. Dhamana si bei. Ni fedha ya mteja inayokaa kwa mwenye mali hadi viti vihesabiwe. Haina haja ya kufikia thamani ya mali yote, ambayo hakuna mteja angeiweza. Itoshe hasara ya kawaida: viti vitano ni 75,000, na kiraka cha turubai kilichotobolewa na cheche za jiko ni 25,000. Basi dhamana ni 100,000.

Kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, mteja anaweza kusikia rashi mpya na kuhama usiku huohuo. Huko kodi yote na dhamana hulipwa kabla mzigo haujapakiwa. Kwa msiba, kudai dhamana kwa mfiwa ni aibu. Mjumbe wa mtaa au mweka hazina wa kamati ya msiba aweke sahihi badala yake.

Ugomvi hutokea wakati wa kurudisha. Kwenye harusi kubwa viti vya wakodishaji watatu huchanganyika, kwa hiyo kila kiti kiwe na alama ya rangi chini ya kalio. Pande zote mbili zihesabu pamoja wakati wa kushusha na wa kupakia, na bei ya kila kilichovunjika iwe imeandikwa kwenye risiti tangu mwanzo. Upepo ukiangusha turubai lililofungwa na vijana wa mwenye mali, hasara ni yake. Likiwa limehamishwa na wageni, ni ya mteja.

Hatari ya mwisho iko nyumbani. Januari ada zinadaiwa, na kwenye simu kuna dhamana tatu za watu, 300,000. Baba akiichukua kulipa shule, Jumapili wateja watatu watasimama mlangoni wakidai haki yao, na habari hiyo itafika mtaa mzima kabla ya jioni. Dhamana ikae kwenye laini yake, na mtu mmoja tu ndani ya nyumba awe na namba ya siri.