Viza Ikichelewa: Barua ya Kuomba Chuo Kisogeze Tarehe ya Kuanza Masomo

Wazazi wenzetu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wametutaka tueleze jambo linalowatatiza wao na wenzao wa pwani pia: kijana amekubaliwa chuo Marekani, amefanya mahojiano ya viza ubalozini Nairobi, na tarehe ya kuanza masomo inakaribia bila jibu. Afanye nini?

Ucheleweshaji huu si ajabu. Tarehe 27 Mei 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha utoaji wa miadi mipya ya viza za wanafunzi duniani kote, na haikuirudisha hadi 18 Juni, ilhali vyuo vingi hufungua mwezi Agosti. Hata miadi ikipatikana, baadhi ya waombaji hupewa karatasi iliyoandikwa 221(g), maana yake faili bado lachunguzwa au kuna waraka unaokosekana. Huenda sababu ikawa jina tu: wenye kuitwa Ali, Hassan au Fatma ni wengi mno, na kumtenganisha huyu na yule huchukua muda. Chuo hakina uwezo wa kuharakisha uchunguzi huo. Kilicho mikononi mwake ni kuisogeza tarehe, nacho hufanya hivyo kikiombwa mapema.

Natutoe mfano. Binti wa Majengo, Nyeri, amepata nafasi ya shahada ya kwanza. Masomo yaanza 24 Agosti, na chuo kimesema mwisho wa kuwasili ni 31 Agosti. Alifanya mahojiano 7 Julai, akapewa karatasi ya 221(g), akapeleka walichotaka baada ya siku 2. Hadi Agosti 10 hajajibiwa.

Jambo la kwanza ni kuhesabu siku kwa kurudi nyuma. Toka 31 Agosti aondoe wiki moja ya kupokea pasipoti, kukata tikiti na kusafiri. Inabaki 24 Agosti; ikipita siku hiyo bila viza, safari ya muhula huu haipo tena. Kwa hivyo barua iende chuoni siku hiyohiyo ya 10 Agosti, ili ofisi zipate wiki mbili za kuijibu. Mwanafunzi asiyefika na asiyesema neno huhesabiwa kuwa ameiacha nafasi, na kumbukumbu yake katika mtandao wa serikali uitwao SEVIS hufungwa.

Jambo la pili ni kujua kinachoombwa. Watu wengi huandika sentensi moja ya kuomba wasubiriwe, wakadhani yametosha. Kwa hakika yapo mambo matatu, na mara nyingi kila moja lina ofisi yake: nafasi ya masomo, msaada wa karo, na fomu ya I-20 ambayo ndiyo msingi wa viza. Ofisi ya udahili yaweza kuisogeza nafasi na msaada wa karo ukapotea, kwa kuwa misaada mingine hutolewa kwa wanaoanza Agosti pekee. Basi yote matatu yatajwe, na barua ipelekwe kwa ofisi ya udahili, nakala kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ya misaada ya karo.

Barua yenyewe itaandikwa kwa Kiingereza. Tunaiweka hapa kwa Kiswahili ili mzazi aielewe kila sentensi:

"Kwa Ofisi ya Udahili. Mimi ni mwanafunzi mpya niliyekubaliwa kuanza shahada ya kwanza tarehe 24 Agosti. Namba yangu ya mwanafunzi na namba yangu ya SEVIS zimo juu ya barua hii.

Nilifanya mahojiano ya viza Nairobi tarehe 7 Julai. Ombi langu limewekwa chini ya uchunguzi wa kifungu 221(g), na nilipeleka nilichotakiwa tarehe 9 Julai. Nimeambatisha karatasi ya ubalozi na ukurasa unaoonyesha hali ya ombi hadi leo.

Iwapo viza haitakuwa imetoka kufikia 24 Agosti, naomba tarehe yangu ya kuanza isogezwe hadi muhula wa Januari. Naomba pia kujua kama msaada wangu wa karo na amana niliyolipa vitahamia muhula huo. Kama msaada huo hautolewi Januari, naomba nafasi yangu iwekwe hadi Agosti ya mwakani.

Naomba I-20 mpya itolewe kwa namba ileile ya SEVIS, na mabadiliko hayo yasifanywe kabla ya 25 Agosti. Sijitoi chuoni, na sitajiunga na chuo kingine wakati wa kungoja."

Sentensi nne humo zinahitaji maelezo.

Ya kwanza ni ile ya ukurasa wa hali ya ombi. Aliye chini ya 221(g) akitazama kwenye mtandao wa viza huliona neno Refused, yaani amekataliwa, ingawa uchunguzi ungali unaendelea. Ofisa wa chuo akiliona neno hilo peke yake aweza kudhani mambo yamekwisha. Ndiyo maana karatasi ya ubalozi iende pamoja nalo.

Ya pili ni kutaka mabadiliko yangoje hadi 25 Agosti. Mwanafunzi mpya haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20. Chuo kikiibadilisha mapema kuwa Januari, kisha viza ikatoka 20 Agosti, binti atakuwa na viza mkononi na asiweze kusafiri hadi Disemba.

Ya tatu ni namba ya SEVIS. Ada yake ni dola 350. Namba ikibaki ileile, ada hailipwi tena. Ikitolewa mpya, aulize chuo kwanza namna ya kuyahamisha malipo ya awali.

Ya nne ni ahadi ya kutojiunga na chuo kingine. Hapa wazazi wa Nyeri huteleza kwa nia njema. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na cha Karatina viko karibu, nao huona ni heri binti aanze huko kuliko kukaa bure. Lakini vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kuanza shahada mahali pengine kuwa anahama, si mwanafunzi mpya, na msaada wa karo wa wanafunzi wapya humtoka. Mafunzo mafupi ya kompyuta au ushonaji kwa kawaida hayana tatizo, lakini hata hayo ni vyema chuo kiulizwe kwa maandishi.

Jibu likija, lisomwe kwa makini. Liseme kuwa ameahirisha, si kwamba amejitoa, kwani aliyejitoa huanza ombi upya. I-20 mpya ipelekwe ubalozini kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi ya 221(g), kwa sababu ofisa wa viza angali anaitazama ya zamani yenye tarehe iliyopita. Chuo pia chaweza kudai taarifa mpya ya benki ya mzazi, maana I-20 hubeba gharama za mwaka, na gharama hizo hupanda.

Nakala za barua zote ziwekwe katika bahasha moja nyumbani, kila moja na tarehe yake. Ubalozi ukimwita tena, ataulizwa kwa nini masomo yaliyokuwa ya Agosti yamekuwa ya Januari, na jibu limo ndani ya bahasha hiyo. Wabillahi tawfiq.