Kinachotoka Siagi Inapogeuka Samli

Weka nusu kilo ya siagi isiyo na chumvi kwenye sufuria nzito, juu ya moto mdogo. Ikishayeyuka itaanza kuchemka kwa kelele, na kelele hizo ni za maji. Katika gramu 500 za siagi, mafuta ni kama gramu 400 na maji ni kama 80. Kilichobaki ni protini na sukari ya maziwa.

Maji yakiwa bado mengi, joto halipandi mbali na nyuzi 100. Yakikaribia kwisha, kelele hupungua, joto hupanda, na chembe za maziwa zilizozama chini huanza kubadilika rangi. Harufu ya samli hutoka hapo. Mpishi huepua chembe zikiwa rangi ya dhahabu, kisha huchuja kwa kitambaa safi na kumimina kwenye chupa kavu. Akiwahi mno, maji hubaki ndani. Akichelewa, chembe huungua na samli yote ikawa chungu. Atakachopata ni pungufu kidogo ya gramu 400.

Bakteria na ukungu huhitaji maji, na samli iliyoiva vizuri karibu haina maji kabisa. Protini na sukari ambazo vingejilisha navyo zimebaki kitambaani. Moto nao umeharibu vimeng'enya vinavyovunja mafuta. Vimeng'enya hivyo vikipata maji, huachia asidi ya butiriki, ndiyo inayoipa siagi iliyoharibika harufu ya matapishi. Ndiyo maana katika joto la Mombasa au Unguja siagi huhitaji friji, ilhali samli hukaa kabatini kwa miezi.

Zile chembe ndizo pia huifanya siagi iungue upesi kikaangoni. Samli haina, hivyo huvumilia zaidi ya nyuzi 200, na chapati hupata madoa ya hudhurungi bila moshi.

Shahamu ya ng'ombe ikiyeyushwa na kuchujwa nayo hukaa muda mrefu, kwa sababu hiyohiyo ya kukosa maji. Lakini hutoka kwenye mwili wa mnyama, haina asidi fupifupi zinazoyapa mafuta ya maziwa ladha yake, na huyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 40. Ndiyo sababu mafuta ya supu iliyopoa hugandia mdomoni, wakati samli huyeyuka ulimini.

Samli nayo ina mwisho wake. Hewa na mwanga huiharibu polepole hata bila maji, kwa hiyo chupa hufunikwa vizuri na kuwekwa gizani. Kijiko chenye majimaji kinaweza kurudisha ukungu. Punje punje zinazoonekana samli ikiganda si kasoro, ni mafuta yaliyoganda taratibu. Iliyoharibika hujulikana puani: hunuka ukali, kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na rangi ya ukutani.