Wasifu wa Kazi ya Kwanza Kwenye Seti

Mratibu wa filamu anayetafuta msaidizi wa utayarishaji mara nyingi anamhitaji wiki hiyohiyo, pengine kesho alfajiri. Anataka kujua mtu huyu anaishi wapi, ana leseni ya udereva au hana, na kama akikabidhiwa fedha za chakula cha watu thelathini atarudi na risiti. Kwa hiyo, chini ya jina ziwekwe namba ya simu, mji, daraja la leseni, lugha na tarehe ambazo mwombaji yuko huru. Aya ya ndoto na malengo iondolewe. Inakula nafasi ya juu ambayo macho hufika kwanza.

Chukulia binti aliyemaliza stashahada ya filamu Dar es Salaam. Hajawahi kulipwa kwenye seti, ila ameshiriki filamu fupi mbili za chuoni na kujitolea katika tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar. Wasifu wake unaanza na "Mwongozaji", kwa sababu filamu ya kumaliza masomo aliiongoza yeye. Ni kweli, lakini anayeajiri atajiuliza kama mwongozaji huyu atakubali kuzuia wapita njia saa sita za jua kali. Cheo hicho kibaki, ila kishuke chini. Juu ipande filamu ya mwenzake, ambayo yeye alikuwa msaidizi tu.

Hapo alikuwa ameandika, "Nilishiriki katika utayarishaji." Sentensi hiyo haionyeshi alichofanya. Ikiandikwa upya inakuwa hivi: "Msaidizi wa utayarishaji, filamu fupi ya wanafunzi, siku 4 za kupiga picha. Nilituma ratiba ya kila siku kwa watu 14, nilipokea waigizaji wa ziada na kukusanya fomu zao za ridhaa, nilitunza risiti za chakula na mafuta."

Na tamasha? "Nilijitolea ZIFF" haitoshi. Aliwapokea wageni bandarini, akawafikisha Ngome Kongwe kabla ya onyesho kuanza, huku akiwasiliana na wenzake kwa redio ya upepo. Kupokea watu, kutunza muda na kuzungumza kwa redio ndiyo kazi ya msaidizi, aiandike hivyo.

Maneno "ya wanafunzi" yasifichwe, wala hesabu zisiongezwe. Watu wa filamu wanafahamiana, na simu moja tu huweka ukweli wazi.

Wadhamini wawili wanatosha: mwalimu aliyesimamia upigaji picha na msimamizi wa waliojitolea. Waombwe ruhusa kwanza, na wakumbushwe ni filamu ipi na mwaka gani, wasije wakababaika simu ikipigwa.

Yote yaenee ukurasa mmoja, yahifadhiwe kwa PDF, na jina la faili liwe na jina la mwombaji pamoja na kazi anayoomba. Mratibu hupokea nyingi kwa simu, na faili iitwayo "CV mpya 2" haitafutiki.