Nguzo za mvua na mstari wa bei

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria semina moja ya wakulima mjini Kilosa. Ukutani palibandikwa mchoro mkubwa: nguzo za buluu zimesimama kwa safu, moja kwa kila mwezi, na juu yake umepita mstari mwekundu unaopanda na kushuka. Nguzo zilikuwa za mvua na mstari ulikuwa wa bei ya mahindi. Nami, kwa haraka zetu za kikazi, niliutazama, nikaandika, na jioni nikawatangazia wasikilizaji bei ya mahindi ya mwezi wa Aprili.

Siku ya tatu nikaletewa kikaratasi na utingo wa basi kutoka Mikumi. Mzee mmoja aliandika hivi: "Mwandishi, mahindi ya bei hiyo yako wapi, tuje na magunia?" Bei niliyoitangaza ilikuwa kama robo tu ya bei ya kweli. Nilikuwa nimesoma shilingi kwenye kipimo cha mvua.

Basi leo napenda tuzungumzie mchoro huo, maana wengi huuona na wachache huusoma. Chukua karatasi ya miraba na kalamu, tuuchore pamoja. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano tu, si takwimu za ofisi yoyote.

Upande wa kushoto chora mstari wima. Huo ni mhimili wa mvua, nao unaanzia sifuri hadi milimita 250. Upande wa kulia chora mwingine wenye urefu ule ule. Huo ni mhimili wa bei, unaanzia sifuri hadi shilingi 1,000 kwa kilo. Nasema kwa kilo kwa makusudi, kwa sababu gunia la lumbesa na gunia la kawaida si kitu kimoja. Chini andika miezi.

Sasa weka mvua. Machi milimita 150, Aprili 200, Mei 80, Juni 15, Julai 10. Hivyo ndivyo masika ya Kilosa yanavyokwenda kwa kawaida: kilele ni Aprili, kisha kiangazi huingia kwa ghafla. Halafu weka nukta za bei: Machi shilingi 900, Aprili 950, Mei 850, Juni 650, Julai 550. Ziunganishe nukta hizo kwa mstari.

Tazama nukta ya Aprili. Kwa kulia iko kwenye 950. Lakini jicho likienda kushoto, litakuta karibu 240. Hapo ndipo nilipoanguka mimi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba nguzo husomwa kushoto na mstari husomwa kulia, na mchoraji mwema huandika kwenye kila mhimili kipimo chake: milimita huku, shilingi kule. Usipoyaona maandishi hayo, uliza kabla ya kunakili tarakimu yoyote.

Jambo la pili ni kwamba mhimili wa kulia ni mali ya mchoraji. Chora upya mchoro ule ule, lakini safari hii bei ianzie shilingi 500 badala ya sifuri. Usibadilishe nukta hata moja. Nukta ya Aprili itabaki juu, karibu na kilele cha karatasi, lakini ya Julai, ambayo mwanzoni ilikuwa katikati, itatelemka hadi karibu na sakafu. Atazamaye kwa mbali atadhani bei imeporomoka ikabaki sehemu moja ya tisa, kumbe imetoka 950 hadi 550, yaani imepungua kwa zaidi kidogo ya sehemu mbili katika tano. Ni hasara, lakini si maangamizi. Vile vile, pale mstari unapokatiza kilele cha nguzo hapana maana yoyote. Milimita na shilingi hazipimani, na ukisogeza mhimili, makutano yanahama.

Jambo la tatu ndilo lenye fedha za mkulima ndani yake. Mchoro wetu unaonyesha mvua ikishuka kuanzia Aprili, na bei ikishuka pamoja nayo. Katika semina ile bwana mmoja alisimama akasema, "Basi mvua ndiyo inayopandisha bei. Tuhifadhi mahindi, vuli ikianza tu tutauza ghali." Watu wakapiga makofi.

Ndugu msikilizaji, mvua haipandishi bei. Bei iko juu mwezi wa Aprili kwa sababu maghala yamekauka na mahindi mapya bado yako shambani, na tena njia za vijijini zimejaa matope. Bei inashuka Julai kwa sababu mahindi yaliyonyeshewa na masika yale yamevunwa, na kila mtu anauza siku moja. Kwa hiyo nguzo ya Aprili inajibiwa na mstari wa Julai na Agosti. Ukisoma mwezi juu ya mwezi wake, unakosa.

Utajuaje kwamba maelezo haya ni ya kweli na si yale ya bwana yule? Weka miaka miwili kando kwa kando, mmoja wa masika mema na mmoja wa masika mabaya. Kama mvua ndiyo ingepandisha bei, mwaka wa ukame bei ingekuwa chini. Lakini masika yakikosekana, nguzo za Aprili huwa fupi, na mstari wa Julai hukataa kushuka. Mwaka mmoja peke yake hauwezi kukuonyesha hayo.

Mzee wa Mikumi nilimfuata baadaye kumwomba radhi. Nilimkuta na swali lake: auze Julai alipe ada ya mjukuu, au angoje Januari? Nilimwonyesha mchoro, akautazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hii mvua imepimwa wapi?" Nikamwambia Kilosa. Akacheka. "Na malori haya yanatoka wapi?" Akanyoosha kidole kwenye barabara kuu, ambako mahindi ya Iringa na kwingine yalikuwa yakipita kwenda Dar es Salaam.

Alikuwa na haki. Kipima mvua husema habari za mahali kiliposimama, na bei ya Mikumi hupangwa pia na mavuno ya mbali. Hata mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowaacha maelfu bila makazi na kubomoa reli, yaliletwa na Mto Mkondoa, ambao maji yake mengi hutoka juu, upande wa Mpwapwa. Nguzo ya mvua ya Kilosa peke yake isingeyaeleza.

Mwishowe mzee aliuza nusu Julai, akalipa ada, na nusu akaihifadhi. Alijua kwamba dumuzi angedai sehemu yake kabla ya Januari, na dumuzi hana nguzo wala mstari katika mchoro ule.

Basi utakapoukuta tena ukutani, anza na mihimili miwili, tazama kila mmoja unaanzia wapi, kisha uliza mvua ilipimwa wapi na bei ilichukuliwa soko gani. Ndipo usome nguzo za masika, na jibu lake ulitafute miezi mitatu mbele.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.